Nilisoma ujumbe wa msiba wa rafiki yangu nikanyamaza. Sasa naanzaje kumwandikia?

*Jambo Mama,*

*Niko Lubumbashi tangu 2019, nilimfuata mume wangu kazini. Nilikulia Bukavu, Kadutu, na rafiki yangu toka utoto nitamwita hapa Furaha. Nilikuwa nashinda kwao, mama yake ananipakulia bugali na sambaza kama mtoto wake. Mwaka 2022 Furaha aliniandikia: "Mama ametuacha usiku huu." Nilisoma. Siku zile mume alikuwa hajalipwa, sikuwa na hata franka moja ya kuchangia, nikasema nitamjibu nikipata cha kutuma. Baadaye akaandika tena: "Ulipata mesaji yangu?" Nayo nilisoma, sikujibu, aibu ilikuwa imeshanikamata. Vita vilipofika Bukavu 2025, nikawa naangalia statu zake kila asubuhi nijue kama yuko mzima, lakini kuandika nikashindwa. Hatujawahi kugombana hata siku moja.*

*Juzi niliandika hivi, sijatuma: "Jambo mpenziii! Siku mingi! Mambo yalikuwa mengi huku, halafu simu yangu waliiba nikapoteza namba zote. Samahani sana kwa kimya, natumaini haujakasirika. Wewe uko je? Nyumbani hawajambo? Nitakupigia wiki hii tuongee vizuri. Nakupenda sana." Nitume? Au nimpigie tu?*

*Neema, Katuba, Lubumbashi*

Jambo Neema, binti yangu,

Usitume hiyo, na usimpigie bado. Nitakuonyesha tuandike nini badala yake, lakini kwanza tuangalie hizo statu unazozitazama asubuhi, kwa sababu zinatuambia zaidi ya unavyofikiri.

Kwenye WhatsApp, statu ya mtu unaiona pale tu ambapo wewe umehifadhi namba yake na yeye amehifadhi ya kwako. Kama statu za Furaha bado zinakufikia, basi hajakufuta kwenye simu yake, na hajakuondoa kwenye watu anaokubali wamwone. Angeweza kufanya hivyo kwa urahisi tangu 2022. Hiyo ni habari njema, ishike. Upande wa pili ni kwamba mwenye statu akifungua orodha ya walioitazama, anakuta majina. Kama haujazima alama za kusoma kwenye simu yako, jina lako amelikuta pale mara nyingi. Anajua uko hai, anajua simu yako inafanya kazi, anajua namba yake unayo. Machoni pake wewe haukupotea. Ulikuwa unapita mbele ya mlango wake kila siku bila kubisha hodi.

Sasa soma tena sentensi yako ya simu iliyoibiwa. Furaha hataiamini hata kwa dakika moja. Tena zile mesaji zake mbili za 2022 bado ziko juu ya mazungumzo yenu, na kama alama zako za kusoma zilikuwa wazi, pembeni yake kuna zile alama mbili za buluu. Akibonyeza mesaji yake na kufungua maelezo yake, ataona hata siku na saa uliyoisoma. Ukimwandikia leo, neno lako jipya litaonekana moja kwa moja chini ya "Ulipata mesaji yangu?" Yaani hauandiki kwenye ukurasa mtupu. Unajibu swali ambalo bado linakusubiri, na jibu lake ni: ndiyo, niliipata.

Hapo ndipo barua yako inapaswa kuanzia.

Nataka tukae kidogo kwenye maneno "samahani kwa kimya", kwa sababu karibu kila mtu anayeniandikia juu ya jambo hili anayatumia. Kama watu wawili wameachana tu kwa sababu ya maisha, mmoja amehamia mbali, mwingine amezaa, na hakuna aliyemdai mwenzake kitu, hayo yanatosha kabisa: "Jambo, siku mingi, samahani kwa kimya," na mazungumzo yanaendelea. Kwako hayatoshi. Kimya chako kina kitu ndani yake, na Furaha anakijua kwa jina. Ni kilio cha mama yake. Ukiomba msamaha kwa kimya kizima bila kutaja kilio, atasikia kwamba umesahau, au kwamba unakumbuka lakini unazunguka. Vyote viwili vinauma kuliko kutoandika.

Mama mmoja wa hapa Bukavu, tunasali naye, aliwahi kunipa simu yake nisome ujumbe wa mwenzake wa zamani aliyerudi baada ya miaka. Ulikuwa mrefu, ulijaa skrini zaidi ya moja. Ndani yake kulikuwa na ugonjwa, kuhama nyumba, mume kupoteza kazi, watoto kurudishwa nyumbani kwa kukosa minerivali, na samahani kila baada ya mistari michache. Nilimwambia huyu mtu ameteseka kweli. Akanijibu: "Ndiyo, ameteseka. Lakini hajaniuliza hata mtoto wangu alizikwa wapi." Alikuwa amefiwa na mtoto katika miaka hiyo na mwenzake alikuwa amepewa habari. Ujumbe wote ulimhusu aliyeandika. Mpaka leo sijui kama alimjibu, na sikumlaumu.

Kwa hiyo "mambo yalikuwa mengi huku" iondoe. Mambo ya Furaha yalikuwa mengi pia, alizika mama, kisha vita vikamkuta nyumbani. Iondoe pia "natumaini haujakasirika". Najua uliiandika kwa hofu, lakini inamlazimisha afanye kazi ya kukutuliza wewe: akujibu "hapana, sijakasirika", hata kama amekasirika. Mwachie hasira yake kama anayo. Na "nitakupigia wiki hii" ni ahadi, na ahadi kutoka kwako kwa sasa haina uzito mbele yake. Ukishindwa kupiga wiki hiyo, utakuwa umemwacha mara ya tatu.

"Mpenziii" na "nakupenda sana" havina ubaya wowote, ila siku yake haijafika. Zitarudi zenyewe.

Sababu yako ya kweli, ile ya franka, ndiyo uliyoificha, na mimi naona ndiyo ya kusema. Wewe na mimi tunajua jinsi kilio kinavyokwenda kwetu. Habari ikitoka tu, watu wanaanza kuchanga: jeneza, kaburi, chakula cha waliolala pale, na jina la kila aliyetoa linaandikwa kwenye daftari. Mtu ambaye hana kitu anaona afadhali asionekane. Ninawafahamu wengi walionyamaza kwa sababu hiyo hasa, na sio kwa kutokupenda. Furaha amekulia hapahapa, ataielewa bila maelezo. Lakini kuna namna mbili za kuisema. Ukiitanguliza, inakuwa utetezi: "sikukujibu kwa sababu sikuwa na pesa", kana kwamba yeye alikuomba pesa. Soma tena alichokuandikia. Hakuomba kitu. Alikuambia mama ametuacha, akitumia neno "tu", na wewe uko ndani ya neno hilo. Alichokuwa anakuomba ni ulie pamoja naye. Kwa hiyo kosa litangulie, msamaha ufuate, kisha sababu, sentensi moja au mbili, na uiseme kwamba ilikuwa sababu mbaya.

Kwa nini kuandika na si kupiga? Simu ikilia na jina lako likatokea baada ya miaka hii, Furaha ana sekunde chache za kuamua kama apokee, na pengine yuko sokoni, au yuko na wakwe sebuleni. Akipokea, heshima itamlazimisha akuambie "hakuna shida, ni maisha". Ataifunga simu akiwa ameshakusamehe kwa mdomo kabla hajajiuliza kama anataka. Ujumbe wa sauti una shida nyingine: hawezi kuupitisha macho kwanza ajue una nini, na kama anausikiliza mbele ya watu, watu wote wanasikia habari za mama yake. Tena wewe ukianza kulia katikati, mzigo utakuwa umeuhamishia kwake. Maneno ya kuandikwa anayasoma akiwa peke yake, anaweka simu chini, anarudi kuyasoma usiku. Sauti yako ataihitaji, lakini baadaye, yeye akiitaka.

Wengine hukwepa yote haya kwa kuijibu statu: anaweka moyo mwekundu kwenye picha ya mtoto, au anaandika "amekua huyu!", akitegemea mazungumzo yatajianza yenyewe. Kwa mtu mliyesahauliana tu, sawa. Kwako wewe usifanye. Ukiingia kwa picha ya mtoto, unamwambia kwamba kilio cha mama mtakiruka.

Usiandikie ndani ya mazungumzo yenu. Akiwa amefungua hapo kwa bahati, ataona unaandika, unaacha, unaandika tena, na mwisho hakuna kinachofika. Ukituma kwa bahati mbaya kisha ukafuta, kwake inabaki alama kwamba ujumbe umefutwa, na kwa mtu aliyengoja miaka hiyo inaumiza. Andika kwenye karatasi, au jitumie mwenyewe kwenye namba yako, usome kwa sauti, kisha unakili.

Nimekuandikia mfano. Sehemu ya mama kugawa samaki nimeibuni kutoka barua yako, wewe weka kumbukumbu yako ya kweli, kwa sababu yeye ataijua ya uongo mara moja:

*Jambo Furaha. Ni Neema, yule wa kushinda kwenu Kadutu.*

*Ndiyo, niliipata mesaji yako. Mwaka 2022 uliniandikia kwamba mama ametuacha, nilisoma. Ukaandika tena, nikasoma tena, sikukujibu. Nilikuacha peke yako kwenye kilio cha mama aliyenilisha. Nisamehe.*

*Siku zile sikuwa na kitu cha kutuma na niliona haya kukuandikia mikono mitupu. Nilikosea. Haukuniomba kitu, ulihitaji neno langu tu.*

*Ninamukumbuka mama akitugawia sambaza, anahesabu sawasawa, halafu ananiongezea mbili akisema mimi natoka mbali. Na nyumba yetu ilikuwa inaonekana pale mlangoni. Pole sana Furaha. Pole kwa kumupoteza, na pole kwa yote uliyobeba bila mimi.*

*Tangu 2025 ninawafikiria kila siku. Sitakuuliza mengi hapa. Nilitaka tu kujua kama muko wazima.*

*Si lazima unijibu leo. Siku utakayotaka kuniambia namna mama alivyoondoka, nitasikiliza. Niko kwenye namba hii.*

Angalia mstari wa kwanza. Ni mfupi kwa makusudi. Simu ikiwa imefungwa, mwanzo wa ujumbe huonekana juu ya kioo, na simu nyumbani huonekana na wengi: mume, watoto, wageni. Pale juu pawe na salamu, jina lako, na kitu kimoja ambacho ninyi wawili tu mnakijua. Kuna watu wanaiba akaunti za wengine na kuanza kuwaomba pesa rafiki zao, kwa hiyo jina lako linalotokea ghafla baada ya miaka linaweza kumtia wasiwasi. Hapo hapo, usitume "Jambo" peke yake ukangoja ajibu ndipo uendelee. "Jambo" ya peke yake kutoka kwa mtu aliyepotea inatisha, anaanza kujiuliza nani amekufa au unataka kukopa nini. Yote yafike mara moja, katika ujumbe mmoja.

Nimemwita Furaha. Kama siku hizi watu wote wanamwita kwa jina la mtoto wake, mama fulani, wewe bado tumia lile jina mlilokuwa mkiitana. Waliokuwa wakimwita hivyo ni wachache, na mmoja wao amefariki.

Kwenye swali la nyumbani, nimeandika "kama muko wazima" na nimeishia hapo. Usitaje mtu mmoja mmoja. "Baba hajambo? Na kaka yako mkubwa?" ni maswali mazuri kati ya watu wanaowasiliana, lakini wewe haujui nani yuko na nani hayuko tangu Februari 2025. Ukimsalimia marehemu mwingine, utakuwa umempa kazi ya kukutangazia kifo mara ya pili. Kama kuna mtu mwingine wa Kadutu mnayefahamiana ninyi wote, muulize kwanza kwa upole habari za nyumba hiyo, bila kumpa ujumbe wa kupeleka. Msamaha haupelekwi na mtu mwingine ukiwa wewe mwenyewe una simu.

Na juu ya vita, binti yangu, usimuulize nani anashika mtaa wao, askari gani wanapita, au anaonaje hali ya mji. Ninajua unauliza kwa mapenzi. Lakini hapa simu inaweza kufunguliwa na mikono mingine, na maneno uliyoyaandika wewe ukiwa Katuba yatakuwa ndani ya simu yake, si yako. Akitaka kusema, atasema kwa njia anayoiona ni salama. Vilevile usimwambie "ningekuwa wewe ningehama". Watu wengi wa huku wameambiwa hivyo na ndugu walio mbali, na hakuna aliyeuliza nauli itatoka wapi na nani atabaki na wazee.

Saa ya kutuma si jambo kubwa, Lubumbashi na Bukavu zinatumia saa ileile. Mimi ningetuma jioni, baada ya chakula, si alfajiri, kwa sababu simu ya alfajiri kwetu ni simu ya msiba.

Baada ya kutuma, usianze kusoma alama kama mtu anayesoma nyota. Alama moja maana yake ujumbe haujafika kwenye simu yake: pengine umeme umekatika na simu imezima, au hana mega. Mbili za kijivu, umefika. Za buluu, umefunguliwa, lakini kuna watu wengi wamezizima, kwa hiyo kijivu inayokaa si ushahidi wa kukataliwa. Ikikaa alama moja kwa wiki kadhaa huku statu zake nazo zimekoma, ndipo uanze kufikiri kwamba amebadilisha namba, au amekuzuia, au kuna tatizo kwake. Hapo utamtafuta yule mtu wa Kadutu, umuulize tu kama Furaha yuko mzima na kama namba ni ileile.

(Kwa wasomaji wengine ambao hamjaona dalili yoyote ya mtu kwa miaka: namba isiyotumika muda mrefu kampuni inaweza kuipa mtu mwingine, na WhatsApp kwa kawaida hufuta akaunti iliyokaa siku 120 bila kutumika. Hakikisheni kwanza namba ni ya nani. Habari za mama wa mtu zisiende kwa mgeni.)

Sasa majibu. Anaweza kusoma na kunyamaza. Huo utakuwa uchungu, na nakuomba uuvumilie. Amengoja majibu yako tangu 2022, usimhesabie siku. Usimtumie alama ya kuuliza, usimtumie "naona umesoma". Acha miezi ipite, na siku ambayo ina maana kwenu, kama siku ya kukumbuka kifo cha mama, mwandikie sentensi moja: "Leo ninamukumbuka mama pamoja nawe." Bila kuomba jibu. Kisha acha. Kama hata hapo hajibu, ana haki hiyo, na wewe utakuwa umemlipa neno ulilokuwa unamdai.

Anaweza kujibu kwa ukali: "Leo ndiyo umekumbuka?" Watu wengi wakipata jibu hilo wanaona mlango umefungwa, kumbe ndiyo umefunguliwa. Mtu asiyekutaka tena hapotezi mega zake kukugombeza. Mjibu fupi: "Leo. Nilichelewa sana, na haukustahili hivyo." Usirudi kwenye habari ya pesa, usijitetee kwa jambo dogo hata kama amekosea mwaka. Mwache amwage. Akimaliza, muulize juu ya mama: aliugua? Nani alikuwa naye? Alizikwa wapi? Hayo maswali ulipaswa kuyauliza 2022, na hayajachakaa. Aliyefiwa hachoki kuulizwa juu ya mama yake, anachoka kuona watu wamenyamaza.

Na anaweza kujibu kwa neno moja tu, "Aksanti" au "Sawa". Hilo ndilo jibu ninalolitarajia kutoka kwake. Usilijaze kwa maneno mengi siku hiyohiyo. Siku chache baadaye mtumie kitu kidogo kisicho na swali zito: picha ya zamani mliyopiga pamoja kama unayo, au habari ya watoto wako. Taratibu atakuja.

Mchango wa kilio je? Najua utawaza kutuma pesa pamoja na ujumbe, ili ule mkono mtupu wa 2022 usionekane. Usitume. Pesa zikifika siku moja na msamaha, ataona unanunua. Tena unamweka pabaya, kwa sababu akizirudisha ni tusi, akizipokea amekubali yaishe kabla hajawa tayari. Mkishaanza kuongea, hata ikichukua muda, mwambie: "Kuna kitu sikuleta kwenye kilio cha mama. Naomba nilete sasa, hata kidogo, kwa kaburi." Kisha msikilize. Pengine kaburi halijajengewa, pengine atasema hapana. Kama bado una shangazi au dada hapa Bukavu, hapo ndipo umtume aende kwao, aketi, atoe pole kwa niaba yako mbele ya wakubwa wa nyumba. Familia nayo ilikuona haukuja. Furaha pengine alikutetea mbele yao wakati ule, akisema labda mesaji haikufika, na mtu wa kwenu akiingia mlangoni kwao atamtoa kwenye aibu hiyo.

Jambo moja la mwisho. Kuna uwezekano kwamba hataandika hata neno, atapiga palepale, dakika tano baada ya kusoma, na wewe utatetemeka kuona jina lake. Pokea. Kama uko ndani ya basi au kazini, pokea hivyohivyo, umwambie uko wapi na umuulize umpigie saa ngapi. Saa hiyo ikifika, mpigie wewe.